Tachi imekufa baada ya simu kuanguka: kutoa namba na picha kwa adapta na mausi

Simu imeanguka, umeiokota, kioo kinawaka, saa inaonekana, ujumbe unaingia na mlio unasikika. Lakini ukigusa, hakuna kinachotokea. Hapo watu wengi hudhani kila kilichomo kimepotea, wakati kilichovunjika ni njia ya kuingilia tu. Namba na picha zinakaa kwenye kumbukumbu iliyo kwenye ubao wa simu, mbali na kioo, na kuanguka kwa kawaida hakuzigusi.

Ninachoeleza hapa ni simu za Android ambazo picha bado inaonekana kwenye kioo ila mguso umekufa kabisa. Hali hiyo ndiyo ambayo mausi ya kompyuta na adapta ndogo ya OTG hutatua vizuri kuliko kitu kingine chochote. Hali nyingine nitazigusa kwa kifupi tu.

Jua kwanza kilichokufa

Kioo cha simu kinafanya kazi mbili. Kuna sehemu inayoonyesha picha, na kuna tabaka jembamba la kuhisi kidole. Kila moja ina njia zake za umeme, hata pale viwandani zilipounganishwa zikawa kipande kimoja. Simu ikipigwa kwenye kona, ufa unaweza kukata nyuzi za tabaka la mguso bila kudhuru picha. Wakati mwingine hakuna ufa wowote. Utepe unaounganisha kioo na ubao umechomoka kidogo kwenye kiungo chake.

Kwa hiyo angalia dalili zako. Kama kidole hakiitikiwi popote lakini picha ni safi, uko mahali sahihi. Kama nusu ya kioo inaitika na nusu imekufa, mausi itafanya kazi vilevile. Kama simu inajigusa yenyewe, inafungua apu na kuandika tarakimu ambazo hujaziandika, mausi itaingia lakini mtagombania kioo; nitalirudia hilo chini. Kama kioo ni cheusi kabisa lakini simu inatetema na kulia ukipigiwa, mausi peke yake haitoshi, kwa sababu hutaona kishale kilipo.

Kuna jaribio moja la haraka kabla ya kutafuta vifaa: kuizima na kuiwasha kwa nguvu. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka iwake upya. Wakati mwingine chipu ya mguso imeganda tu baada ya kishindo, na kuwasha upya huiamsha.

Lakini usifanye hivyo kama hukumbuki PIN au mchoro wako. Wapo watu wanaofungua simu kwa alama ya kidole kila siku hata PIN wameisahau. Simu ikiwashwa upya, alama ya kidole na uso havikubaliwi mpaka PIN iingizwe mara ya kwanza. Kabla ya hapo, faili zako bado zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na PIN hiyo, na hakuna mausi wala fundi atakayezifungua. Kama ndiyo hali yako, iache simu ikiwa imewaka, iweke kwenye chaji, na uende moja kwa moja kwenye mausi.

Hata anayekumbuka PIN aanze na chaji. Tundu la chaji ndilo hilohilo litakalobeba mausi, kwa hiyo simu itakuwa ikila betri yake na kuilisha mausi kwa wakati mmoja. Kuchaji hakuhitaji mguso. Ijaze kwanza.

Adapta na mausi

Adapta ya OTG ni kile kipande kidogo ambacho upande mmoja kinaingia kwenye tundu la chaji la simu, na upande wa pili kina tundu pana la USB kama la kompyuta. Angalia tundu la simu yako kabla ya kununua: la mviringo linaloingia upande wowote ni USB-C, na lile jembamba lenye upande mmoja mpana kuliko mwingine ni micro-USB.

Si kila kipande kinachoingia kinafaa. Kwa kawaida simu ikichomekwa waya hujiona kuwa inahudumiwa: inapokea chaji, au inasubiri kompyuta iiamrishe. Ili itoe umeme na kuihudumia mausi, lazima iambiwe igeuze nafasi. Kwenye micro-USB, habari hiyo inapitia pini ya 4, ambayo ndani ya adapta ya kweli ya OTG imeunganishwa na pini ya ardhi. Kipande cha kubadilisha umbo la tundu tu, bila muunganisho huo, kitaingia vizuri kabisa na simu isijue chochote. Kwenye USB-C kazi hiyohiyo inafanywa na kipingamkondo kilichomo ndani ya adapta. Kwa hiyo dukani uliza kwa jina: adapta ya OTG.

Mausi iliyo bora kwa kazi hii ni ile ya kawaida ya waya. Isiyo na waya lakini inayotumia kidude cha USB nayo inafaa, mradi betri zake ni nzima. Mausi ya Bluetooth haifai kuanzia, maana kuiunganisha kunahitaji uguse kioo. Baadaye itakuwa na faida kubwa. Na zile zenye taa za rangi za kuchezea michezo ziache. Zinakula umeme bure.

Chomeka mausi kwenye adapta, adapta kwenye simu, bonyeza kitufe cha kuwasha kioo, kisha tikisa mausi. Kishale kidogo kikijitokeza, umeshavuka sehemu ngumu.

Kishale hakionekani

Geuza mausi uangalie chini yake. Mausi nyingi za waya zina taa nyekundu, na taa hiyo ndiyo kipimo chako. Inakuambia kama simu inatoa umeme au haitoi, na hapo unajua pa kutafuta. (Zipo mausi ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho, kama yako ni ya namna hiyo, azima nyingine kwa jaribio hili.)

Taa ikiwa imezima, simu haitoi umeme. Sababu ya kwanza ni adapta isiyo ya OTG au mbovu. Ijaribu kwenye simu nyingine nzima. Sababu ya pili ni tundu: vumbi na nyuzi za mfukoni hujazana ndani mpaka kichwa cha adapta hakifiki mwisho. Kama hata waya wa chaji unalegea, zima simu iwapo PIN unaikumbuka, kisha safisha taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, kamwe si sindano. Kumbuka pia kwamba simu iliyoangukia upande wa chini inaweza kuwa imeumia tundu lenyewe. Ikiwa inachaji kawaida, hilo linapungua uwezekano ingawa haliondoki.

Sababu ya tatu ndiyo inayoumiza. Simu nyingi za Oppo, Realme, Vivo na OnePlus zina swichi ya OTG ndani ya mipangilio, na kwa kawaida imezimwa. Nyingine hujizima zenyewe baada ya dakika 10 bila kutumika. Kwenye simu nzima unaiwasha kwa kugusa mara moja. Kwenye simu iliyokufa tachi, swichi iko upande wa pili wa mlango uliofungwa. Jaribu kuchomeka adapta huku kioo kimewaka, kwa sababu baadhi ya matoleo mapya hugundua kifaa na kuwasha yenyewe. Isipokubali, usinunue adapta ya tatu na ya nne. Nenda sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Taa ikiwaka lakini kishale hakuna, umeme unafika na tatizo ni mawasiliano. Chomoa, subiri kidogo, chomeka tena huku kioo kimewaka. Badilisha mausi. Kama ni ya kidude cha USB, hakikisha swichi ya chini ya mausi imewashwa. Na usisahau kwamba kishale hujificha mausi ikitulia. Itikise kwa mzunguko mpana kabla hujahukumu kwamba hakipo.

Kuingia ndani

Mausi inafanya kila ambacho kidole kilikuwa kikifanya. Kubofya kushoto ni kugusa. Kubofya na kushikilia ni kugusa kwa muda mrefu. Kuburuta juu kwenye kioo cha kufungulia, bonyeza kitufe cha kushoto karibu na chini, usiachie, sukuma mausi mbele, kisha achia. Gurudumu la kati linasogeza kurasa. Kitufe cha kulia kwenye simu nyingi hurudisha nyuma, na utakishukuru sana.

PIN unaibofya tarakimu moja moja. Mchoro unauchora kwa kushikilia kitufe cha kushoto kuanzia nukta ya kwanza mpaka ya mwisho bila kuachia. Fanya polepole. Ukikosea mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida mara 5, simu itakusimamisha sekunde 30, na ukiendelea kukosea muda wa kusubiri unarefuka.

Kwa simu inayojigusa yenyewe, hapa ndipo shida inapoonekana: unabofya tarakimu mbili, na ya tatu inaingizwa na kioo kilichovunjika. Acha kujaribu kabla hujafungiwa muda mrefu. Zima kioo, subiri, kiwashe tena na uangalie migongano inatokea sehemu gani. Mara nyingi huja kwa vipindi, na ukipata kipindi cha utulivu unapita. Usibonyeze wala kupindisha kioo ili kitulie. Ufa unasogea na unaweza kuikosa hata picha.

Ukishafungua, usikimbilie picha. Nenda Settings, kisha Display, kisha Screen timeout, uweke muda mrefu kuliko yote iliyopo, mara nyingi dakika 10 au 30. Kuna waliokwama katikati ya kunakili kwa sababu tu kioo kilizima na simu ikajifunga.

Kisha, kama unaweza kupata mausi ya Bluetooth hata ya kuazima, iunganishe sasa hivi ukitumia ile ya waya kubofya. Hatua hii ni ndogo lakini inabadilisha kazi yote. Tatizo la OTG ni kwamba simu ina tundu moja: mausi ikiwa ndani, huwezi kuchaji wala kuunganisha kompyuta, ukichomoa mausi ili uunganishe kompyuta, huna cha kubofyea simu inapokuuliza ruhusa. Mausi ya Bluetooth inaliacha tundu wazi. Kama huipati, tafuta adapta ya USB-C yenye matundu mengi, ili mausi na flashi vikae pamoja. Zile zenye tundu la kupitishia chaji zinaweza kuilisha simu wakati ukifanya kazi.

Namba kwanza

Anza na namba, kwa sababu ni faili dogo linalomalizika ndani ya sekunde, na likishatoka hata simu ikizima una kitu mkononi.

Shida ya namba ni kwamba hazikai mahali pamoja. Nyingine ziko kwenye laini, na hizo zitakwenda na laini yenyewe ukiihamishia simu nyingine. Nyingine ziko kwenye akaunti ya Google, na zinapatikana kwenye contacts.google.com hata bila simu. Nyingine ziko kwenye simu yenyewe, mara nyingi chini ya jina Device au Phone, na hizo haziko popote pengine duniani. Kwenye orodha zote zinaonekana zimechanganyika, ndiyo maana mtu anaamini zote ziko salama mtandaoni.

Simu moja niliyoletewa ilikuwa hivyohivyo. Ina tundu la USB-C, imeangukia kona ya juu kulia, picha safi, tachi haiitiki hata kidogo. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba namba ziko Google, alichotaka ni picha. Kabla ya kugusa picha tulifungua contacts.google.com kwenye kompyuta: namba 74. Tukachomeka mausi, tukafungua apu ya namba kwenye simu: namba 386. Zilizobaki 312 zilikuwa Device. Alipowasha akaunti yake siku ya kwanza, simu ilikuwa imewekwa kuhifadhi namba mpya kwenye simu, na haikubadilishwa tena.

Namna ya kuzitoa ni kuzisafirisha kwenye faili. Katika apu ya Contacts ya Google, nenda kwenye sehemu ya kupanga namba, tafuta Export to file, chagua akaunti, hifadhi. Kwenye Samsung njia inapitia Manage contacts, kisha Import or export contacts, kisha Export. Kwenye dirisha la kuchagua, hakikisha umetia alama kila mahali namba zilipo. Ukiacha Device bila alama, utapata faili lililo zuri kwa macho lakini halina kile ulichokifuata.

Faili litakuwa na mwisho wa .vcf na mara nyingi litakaa kwenye folda ya Download. Ni maandishi ya kawaida, na kila namba imo kwa umbo hili:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:2.1
FN:Shangazi
TEL;CELL:0700000000
END:VCARD
```

Hii ina maana kwamba huhitaji kuliamini faili kwa macho. Lifungue kwenye kompyuta kwa programu yoyote ya maandishi, tafuta BEGIN:VCARD, na uangalie imejirudia mara ngapi. Kwenye Linux au Mac amri moja inatosha:

```
grep -c "BEGIN:VCARD" contacts.vcf
```

Ile simu ilitupa 312 kwa faili la Device. Ukijumlisha na 74 za Google unapata 386, sawa na zilizoonekana kwenye simu. Hapo ndipo tulipojua namba zimetoka zote.

Lakini faili likiwa bado kwenye Download ya simu iliyovunjika, halijaokoka. Kama simu ina data au mtandao wa nyumbani uliokwisha kuunganishwa, bofya Share na ulitume kwa barua pepe yako mwenyewe au ulipakie Google Drive. Ni faili la kilobaiti chache, labda megabaiti kadhaa kama namba zina picha. Halafu lifungue kwenye kifaa kingine kabla ya kuendelea.

Picha

Picha za kamera ziko DCIM, ndani ya folda ya Camera. Picha za skrini na zilizopakuliwa zinatawanyika kwenye Pictures na Download. Kwenye baadhi ya simu picha za skrini nazo zimo DCIM. Za WhatsApp watu huzisahau, na kwa simu za Android 11 na kuendelea zimefichwa ndani zaidi:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Kabla ya kunakili, fungua Google Photos na ubofye picha ya akaunti yako juu. Ikikuambia kwamba kuhifadhi kumekamilika, picha zilizomo kwenye folda iliyoteuliwa ziko mtandaoni tayari, na unaweza kuthibitisha kwa kuingia photos.google.com kwenye kifaa kingine. Soma kwa makini ni folda zipi zimeteuliwa. Kwa kawaida ni ya kamera tu.

Njia ya kwanza ya kunakili ni flashi pamoja na mausi kwenye adapta ya matundu mengi. Fungua apu ya faili, shikilia folda ya Camera, chagua Copy, kisha nenda kwenye flashi na ubandike. Chagua Copy, kamwe si Move. Umeme ukikatika katikati ya Move, faili zinaweza kubaki nusu huku na nusu kule, na hapa tunashughulika na simu ambayo imeshapigwa.

Katika njia hii kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukichomeka flashi na taa ya mausi ikazimika, simu imeshindwa kubeba vyote viwili. Tumia flashi nyingine au adapta inayopokea chaji. Na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Picha hazifiki huko, lakini video ndefu hufika.

Hilo ndilo lililotukuta. Folda ya Camera ilikuwa na gigabaiti 23, na flashi ilikuwa ikiandika kama megabaiti 8 kwa sekunde, kwa hiyo tulijua kazi itachukua takriban dakika 50. Karibu na mwisho ikatokea taarifa ya kosa, na flashi bado ilikuwa na nafasi tele. Tulipoorodhesha faili kwa ukubwa, juu kabisa kulikuwa na video ya harusi ya gigabaiti 5. Picha zote zilikuwa zimeingia. Video hiyo ilikataliwa kwa sababu flashi ilikuwa ya FAT32. Kuiumbiza flashi upya kungefuta kazi yote, tena simu nyingi hazisomi NTFS, umbizo linalokubali faili kubwa, kwa hiyo video tuliiacha kwa kompyuta.

Njia ya pili ndiyo hiyo, kompyuta kwa waya, na hapa mausi ya Bluetooth inalipa gharama yake. Unachomoa adapta, unachomeka waya wa data, na simu inauliza kama inaruhusu kompyuta kuona faili. Unabofya Allow kwa mausi ya Bluetooth. Kwenye simu nyingine haiulizi ila inabaki kwenye kuchaji tu. Shusha taarifa za juu, bofya ile ya USB, chagua File transfer. Kompyuta ikionyesha jina la simu lakini folda ni tupu, kioo kimejifunga au ruhusa haijatolewa. Fungua simu, folda zitatokea.

Bila mausi ya Bluetooth bado kuna njia, ila haifanyi kazi kwenye kila simu. Ukiwa na mausi ya waya, nenda About phone na ubofye Build number mara 7 ili kufungua Developer options. Humo tafuta Default USB configuration, uiweke File transfer. Halafu chomoa mausi, na kabla kioo hakijazima chomeka kompyuta. Simu inayokubali itafungua faili bila kuuliza. Samsung kwa kawaida bado itauliza, na hutakuwa na cha kujibia.

Ukimaliza, linganisha idadi ya faili kwenye folda ya simu na iliyo kwenye kompyuta, kisha fungua chache za mwanzoni, za katikati na za mwisho. Picha ndogo inayoonekana kwenye orodha si ushahidi. Fungua yenyewe ikajaa kioo. Video isogeze mpaka mwisho.

Pale mausi inapogota

Kioo kikiwa cheusi, baadhi ya simu za USB-C hutoa picha kwenye televisheni kupitia adapta ya HDMI, na mausi ikikaa kwenye adapta hiyohiyo unafanya kila kitu ukiangalia televisheni. Simu nyingi za bei ya kati na ya chini hazina uwezo huo hata kama tundu ni la USB-C, kwa hiyo tafuta sifa za modeli yako kwanza; neno la kutafuta ni DisplayPort.

Kwa iPhone, mausi inakubalika tangu iOS 13, lakini inapitia AssistiveTouch ambayo inapaswa kuwa imewashwa, na simu iliyokaa imefungwa zaidi ya saa moja kwa kawaida hukataa kifaa kipya cha USB mpaka ifunguliwe kwanza. Ni kazi tofauti yenye masharti yake.

Na kama swichi ya OTG imezimwa, au tundu limekufa, kinachobaki ni kioo kipya. Kubadilisha kioo hakufuti chochote, kwa hiyo fundi akikuambia lazima aifute simu ili kioo kikubali, chukua simu yako uondoke. Usikubali pia ijaribiwe kuwekewa programu upya. Mwambie wazi: unachotaka ni data, kioo ni cha muda. Fundi anaweza kuunganisha utepe wa kioo kipya kwenye ubao bila kukigandisha, simu ikalazwa mezani ikiwa wazi, ukaingiza PIN mwenyewe, ukawasha OTG au ukanakili moja kwa moja kwenye kompyuta yake mbele ya macho yako. Mkubaliane bei ya kazi hiyo kabla hajaifungua, na kioo usikilipie mpaka umeamua kama simu inafaa kutengenezwa.